Kugawana mafuta kutoka Kitengela hadi Westlands bila gari lako kugeuka matatu

Mtu anayeishi Kitengela na kufanya kazi Westlands huondoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na mara nyingi gari lake lenye viti vitano huwa limembeba yeye peke yake. Jirani anayeelekea upande huohuo humwomba lifti, wiki ya pili humwachia shilingi mia mbili za mafuta, na mwezi hauishi kabla ya mtu wa tatu na wa nne kujiunga. Hakuna aliyekusudia kufanya biashara, lakini kuna mahali mpango huu unapoacha kuwa ujirani na kuwa uchukuzi wa abiria usio na leseni, na wengi hugundua wamepita mahali hapo siku ya ajali, wakati fomu ya bima iko mezani. Mwongozo huu unamhusu mwenye gari binafsi anayetaka kugawana gharama za safari ya kila siku ya kwenda kazini, na unaeleza namna ya kuupanga mgao huo ili ubaki kuwa mgao.

Sheria inaangalia nini

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haisubiri gari lichorwe mstari wa manjano ndipo ilihesabu kuwa la uchukuzi wa umma. Katika tafsiri yake ya maneno, gari la uchukuzi wa umma ni pamoja na gari lolote linalobeba abiria kwa kukodiwa au kwa malipo. Maana yake ni kwamba Toyota ya nyumbani, yenye nambari na stika ya gari binafsi, inaweza kuingia katika kundi hilo kwa sababu ya jambo lililofanyika ndani yake tu. Ikishaingia, inadaiwa leseni inayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, yaani NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na dereva wake anadaiwa beji ya PSV.

Sheria ya pili, ambayo wenye magari huisahau ilhali ndiyo yenye makali zaidi, ni ile ya bima ya madhara kwa watu wengine, Sura ya 405. Sheria hii humlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya watu wanaoweza kuumizwa na gari lake, lakini kwa gari binafsi haimlazimishi kuwakatia bima abiria walio ndani. Lazima hiyo huja pale gari linapobeba abiria kwa kukodiwa au kwa malipo, au linapowabeba kwa sababu ya mkataba wa kazi. Ndiyo maana bima ya teksi na matatu hutozwa kwa kuhesabu viti, na ndiyo maana bima ya gari binafsi huwa nafuu na kuandikwa waziwazi kwamba haifanyi kazi gari likitumiwa kubeba watu kwa malipo.

Katika sheria hizi hutakuta kiwango cha shilingi ambacho ukibaki chini yake uko salama. Neno linalobeba uzito wote ni malipo, na neno hilo tulilirithi kutoka sheria za Uingereza, kwa hiyo inafaa kutazama lilivyowasumbua wenyewe. Katika kesi ya Albert, iliyoamuliwa 1971 na mahakama yao ya juu, kuli mmoja wa bandarini alikuwa akiwabeba makuli wenzake kwenda kazini kwa miaka kadhaa, nao wakimpa fedha kidogo kila wiki, au hata sigara na bia. Chombo cha kampuni za bima kilichodaiwa fidia baada ya ajali kilijitetea kwamba hapakuwa na mkataba wowote kati yao. Majaji walisema mkataba si lazima, na kwamba ubebaji wa mara kwa mara kwa utaratibu wa kulipana, unaovuka mipaka ya wema wa kawaida wa marafiki, ni ubebaji wa malipo. Baadaye Waingereza waliandika kinga maalumu katika kifungu cha 150 cha sheria yao ya barabara ya 1988: ukigawana gharama za gari dogo, jumla ya michango isizidi gharama za safari hiyo, na mapatano yafanywe kabla safari haijaanza, bima yako haihesabiki kuwa imekiukwa.

Kinga hiyo si sheria ya Kenya na huwezi kuisoma mbele ya hakimu wa Mavoko kana kwamba inamfunga. Lakini masharti yake ni kipimo kizuri cha namna ya kujipanga, kwa sababu kila moja linajibu swali ambalo askari wa trafiki au mpelelezi wa bima atakuuliza. Hatua zinazofuata zimejengwa juu yake.

Hatua ya kwanza: iandikie kampuni ya bima kabla ya kupokea shilingi ya kwanza

Toa mkataba wako wa bima na usome sehemu ya mipaka ya matumizi. Utakuta gari limeruhusiwa kwa mambo ya nyumbani, ya kijamii na ya starehe, pengine na kwa shughuli za kikazi za mwenye gari, kisha orodha fupi ya yaliyokatazwa, ambamo kubeba watu kwa malipo na mashindano ya mbio hukaa jirani. Ukishaisoma, andika barua pepe kwa kampuni yenyewe, si kwa wakala peke yake, ueleze kwamba unakusudia kubeba majirani watatu uliowataja, katika safari yako mwenyewe ya kazini, na kwamba mtagawana mafuta na ada ya barabara bila wewe kubaki na faida. Uliza maswali mawili: je, mgao huu wanauhesabu kuwa ubebaji wa malipo, na je, abiria hao wamo katika bima wakiumia?

Swali la pili lina uzito kuliko la kwanza, hasa kwa mwenye bima ya mtu wa tatu peke yake. Kwa kuwa sheria haiilazimishi kampuni kuwalinda abiria wa gari binafsi, jibu hutegemea maneno ya mkataba wako. Wakisema abiria hawamo, uliza nyongeza ya kuwaingiza inagharimu kiasi gani, na gharama hiyo ilipe wewe mwenyewe bila kuiingiza katika mgao. Jibu lao likija lichapishe, uliweke garini pamoja na cheti cha bima.

Naisisitiza hatua hii kwa sababu niliiruka. Asubuhi moja yenye mvua, lori lililokuwa mbele yangu Barabara ya Mombasa lilisimama ghafla karibu na mizani ya Mlolongo, nikaligonga. Hakuna aliyeumia vibaya, ila bonati ilikunjika na rejeta ikapasuka. Nilipodai fidia, kampuni ya bima ilimtuma mpelelezi, naye hakunipigia mimi kwanza. Aliwapigia abiria wangu mmoja mmoja na kuwauliza kwa upole, "Huwa mnampa nauli ngapi?" Mmoja wao, mama mtu mzima asiye na hila yoyote, akajibu kwamba nauli ni mia tatu. Neno hilo nauli liliigharimu familia yangu miezi minne ya kupanda matatu, huku barua zikienda na kurudi, mpaka nilipowasilisha daftari la mafuta na risiti za kituo zilizoonyesha kwamba michango yote ilikuwa chini ya nilichotumia. Wangekuwa na barua yangu ya awali katika faili, swali lile lisingekuwa na uzito.

Hatua ya pili: pima gari lako linakunywa mafuta kiasi gani

Mgao wa haki hauwezi kuanzia kwenye nauli ya matatu ya siku hiyo. Ukisema kila mtu atoe mia mbili kwa sababu matatu ni mia mbili, umeshapanga bei ya soko, na bei ya soko ni dalili ya biashara hata kama kwa bahati haikuletei faida. Anzia kwenye tenki.

Jaza mafuta mpaka pampu ikate yenyewe, kisha rudisha kihesabio cha safari kwenye sifuri. Endesha wiki nzima ya kazi kama kawaida, ukipita katika msongamano uleule. Ijumaa jioni rudi kwenye kituo kilekile, ikiwezekana pampu ileile, ujaze tena mpaka ikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia mara ya pili. Tuseme kihesabio kimesoma kilomita 360 na pampu imeingiza lita 30, basi gari linakwenda kilomita 12 kwa lita. Usitumie takwimu uliyoambiwa na muuza magari, wala ile inayosomeka kwenye dashibodi baada ya safari ya Nakuru, kwa sababu injini inayonguruma bila kusonga kwenye foleni pale General Motors, Barabara ya Mombasa, inakunywa kwa namna nyingine kabisa.

Bei ya lita haina ubishi, kwa kuwa EPRA hutangaza bei za juu kabisa za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, nazo huanza kutumika usiku huo mpaka tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Hapa nitatumia shilingi 180 kwa lita ili hesabu ifuatike kwa urahisi, nawe utaweka bei ya mwezi wako. Shilingi 180 ukigawanya kwa kilomita 12 unapata shilingi 15 kwa kilomita moja, na namba hiyo moja ndiyo itakayotumika katika mgao wote.

Swali ambalo hutokea hapa ni kama matairi, sevisi na uchakavu wa gari navyo vigawanywe. Kinga ya Waingereza ingeruhusu, na ni kweli kwamba gari linachakaa. Mimi nashauri usiviguse. Gharama hizo ungezilipa hata ukisafiri peke yako, hazina risiti ya safari ya leo, na kila mtu huzikadiria kulingana na moyo wake, kwa hiyo ndizo mlango ambao faida huingilia ikiwa imevaa nguo za gharama. Vivyo hivyo usitumie viwango vya kilomita vya AA Kenya, ambavyo maofisi hutumia kuwarudishia wafanyakazi gharama za magari yao, kwa kuwa ndani yake mna mambo mengi kuliko mafuta. Gawana mafuta, ada ya barabara ya Expressway mnapoitumia, na maegesho kama yanalipwa kwa ajili ya safari hiyo.

Hatua ya tatu: gawanya kwa kipande cha njia, na ujihesabu wewe mwenyewe

Tuchukue safari kamili. Dereva na majirani wawili wanaondoka Kitengela, na mtu wa nne anapanda Mlolongo. Kwa mita ya gari, Kitengela hadi Mlolongo ni kilomita 14, na kutoka hapo hadi Westlands ni kilomita 22. Asubuhi wamekubaliana kupita juu, kwenye Expressway, kwa shilingi 500 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Jioni wanarudi kwa barabara ya chini.

Kipande cha kwanza cha asubuhi kinagharimu kilomita 14 mara shilingi 15, yaani 210. Kwa kuwa waliomo garini ni watatu, pamoja na dereva, kila mmoja anabeba shilingi 70. Kipande cha pili ni kilomita 22 mara 15, yaani 330, na ukiongeza 500 za Expressway inakuwa 830. Hapa waliomo ni wanne, kwa hiyo kila mmoja anabeba 207.50. Jioni kipande kirefu ni 330 kwa watu wanne, yaani 82.50 kila mmoja, na kipande cha mwisho ni 210 kwa watu watatu, yaani 70.

Kila anayetoka Kitengela, na dereva akiwemo, amebeba shilingi 430 kwa siku. Aliyepanda Mlolongo amebeba 290. Jumla ya watu wote wanne ni 1,580, ambayo ndiyo hasa gharama ya siku: mafuta 1,080 na barabara 500. Kutoka kwa abiria wake watatu dereva anapokea 1,150, na 430 zilizobaki zinatoka mfukoni mwake.

Hizo 430 za dereva ndizo ushahidi wake. Sasa tazama kinachotokea dereva huyohuyo akiamua kutoza kila abiria 500 kwa siku ili kuepuka hesabu za senti. Akiwa na abiria watatu anapata 1,500, bado chini ya gharama kwa shilingi 80, na atajiona yuko salama. Mwezi unaofuata anamwongeza abiria wa nne kwenye kiti cha nyuma katikati, anapata 2,000, na sasa kila siku anabaki na 420 juu ya gharama zote. Hakubadilisha njia, gari wala watu wa zamani. Aliacha tu kugawanya upya, na bei ya kudumu ikamvusha mpaka bila yeye kuhisi. Kanuni ya kushika ni hii: mtu akiongezeka, mchango wa kila mmoja lazima ushuke, na wa dereva pia. Usiposhuka, kilichopo ni nauli.

Vivyo hivyo kwa siku ambayo mtu hakusafiri. Gawanyeni gharama ya siku kwa waliokuwamo, wala msimdai aliyelala nyumbani na homa. Nimesikia wenye magari wakilalamika kwamba hivyo dereva hulipa zaidi siku ya Jumatano ambapo abiria wawili hawapo. Ndivyo inavyopaswa kuwa, maana angesafiri siku hiyo hata kama hakuna anayekuja. Kiti kinachotozwa kila mwezi, kikaliwe kisikaliwe, ni kiti kilichokodishwa.

Hatua ya nne: fedha zipite njia fupi

Mgao safi kuliko wote ni ule usiompitishia dereva fedha. Majirani wawili wenye magari wakipokezana wiki kwa wiki, kila mmoja akijaza tenki lake katika wiki yake, hakuna malipo ya kuzungumzia. Palipo na gari moja, abiria wanaweza kupokezana kulipa kwenye kituo cha mafuta: Jumatatu huyu analipa pampu kwa nambari ya till ya kituo, Alhamisi mwingine, na daftari linasawazisha mwishoni mwa mwezi.

Ikibidi fedha zipitie kwako, zipokee kwa M-Pesa ya kawaida, mara moja kwa wiki, baada ya safari kuhesabiwa. Usifungue Pochi la Biashara wala till kwa ajili ya majirani watatu, kwa sababu umeshajiandikisha mwenyewe kuwa mfanyabiashara na hakuna atakayekuamini ukikana. Tunza daftari lenye tarehe, kilomita, waliokuwamo, na risiti za mafuta zilizobanwa kwa pini. Katika kikundi chenu cha WhatsApp andikeni mapatano kabla ya wiki ya kwanza: njia, saa ya kuondoka, vinavyogawanywa na namna vinavyogawanywa. Yaiteni mchango wa mafuta kwa sababu ndivyo yalivyo, na kila mmoja aelewe hesabu yake kiasi cha kuweza kuieleza akipigiwa simu ghafla. Sisemi mfundishane uongo. Abiria anayefundishwa kusema "huyu ni binamu yangu" huvunjika katika swali la pili, na kuanzia hapo hata risiti za kweli hazisadikiwi.

Hatua ya tano: chunga nani anapanda, na anapandia wapi

Hesabu inaweza kuwa sawa kwa senti na bado gari likawa la biashara, kwa sababu ya namna abiria walivyopatikana. Swali la kujiuliza kila mara ni hili: je, gari hili lingeondoka saa hii, kwa njia hii, kama hakuna abiria hata mmoja? Safari yako ya Westlands ya saa kumi na moja na nusu asubuhi ingekuwapo. Lakini jirani akikuomba umpeleke uwanja wa ndege wa JKIA Jumamosi, wewe ukiwa huna shughuli huko, safari hiyo imezaliwa kwa ajili yake, na hata akikulipa mafuta peke yake umefanya kazi ya teksi. Mpeleke bure kama ni wema, au mwitie teksi. Kurudi Kitengela kuchukua kundi la pili, au kumwajiri kijana awaendeshee abiria wako wewe ukiwa likizo, ni jambo lilelile katika sura nyingine.

Lililo baya kuliko yote ni kusimama stejini. Jioni utaona magari binafsi yakipunguza mwendo Bellevue au Cabanas, dirisha likishushwa, na dereva akitaja Kitengela na bei. Hapo hakuna mapatano ya awali, hakuna kufahamiana, na bei imepangwa na urefu wa foleni ya watu wanaosubiri. Makanga wa steji huwa wa kwanza kukasirika, na wana haki, kwa kuwa gari lao limelipa leseni, ukaguzi, ada za sacco na bima ya kila kiti. Tena hujui umempakia nani, wala aliyepanda hajui amepanda gari la nani.

Leseni yenyewe nayo haifuniki kila kazi. Oktoba 2019 NTSA iliagiza magari ya Swvl na ya Little, yaliyokuwa yakiitishwa kwa simu na kubeba wafanyakazi katika njia za jijini, yasimamishwe, kwa hoja kwamba yalipewa leseni za kubeba watalii na sio za kutoza nauli njiani. Kama kampuni zenye leseni za namna fulani zilisimamishwa kwa kufanya kazi ya namna nyingine, mwenye Fielder asiye na leseni yoyote hana pa kujificha akikutwa stejini.

Ukiona umeshavuka

Wapo watakaofanya hesabu hii na kukuta kwamba wamekuwa wakibaki na fedha kila wiki, na kwamba fedha hizo sasa zinalipa karo. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kurudisha mchango kwenye gharama halisi kuanzia wiki hii. Ya pili ni kuikubali kazi kuwa kazi: kubadilisha bima iwe ya PSV, kupeleka gari kwenye ukaguzi wa NTSA, kupata beji ya dereva, na kuomba leseni kupitia akaunti yako ya NTSA kwenye eCitizen. Kwa gari dogo, wengi huingia kupitia kampuni za teksi za simu, ambazo tangu kanuni za 2022 haziruhusiwi kukata zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Anza na bima, maana siku kati ya uamuzi na leseni ndizo hatari zaidi, na katika siku hizo usibebe mtu wa kulipa.

Ukisimamishwa na askari, toa leseni na cheti cha bima, eleza kwamba mnagawana mafuta, na uonyeshe daftari na barua ya bima akitaka kuviona. Abiria waulizwe wenyewe, nawe usiwajibie. Ajali ikitokea, piga picha za magari kabla hayajasogezwa, chukua majina na simu za abiria wote, piga ripoti polisi upate nambari ya tukio, kisha siku hiyohiyo iarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Katika fomu ya madai, mahali panapoulizwa idadi ya abiria na sababu ya wao kuwamo, andika kwamba walikuwa majirani watatu katika safari ya kazini waliochangia mafuta kwa mapatano ya tarehe fulani, na ubandike nakala ya ukurasa wa daftari wa wiki hiyo. Usiache nafasi hiyo wazi, na usiandike kwamba ulikuwa peke yako, kwa kuwa ripoti ya polisi itakuwa na majina yao.

Kabla ya kuondoka kesho, mwulize kila abiria wako, bila kumwongoza, yeye anadhani shilingi anazotoa ni za nini. Anayejibu kwamba ni nauli, kaeni naye jioni hiyo na daftari, mmwonyeshe shilingi 15 za kilomita zinatoka wapi na sehemu yako wewe ni ipi.